Insha moja, vigunduzi vitatu: 84, 31 na 6

Kikao kiliitwa saa nane mchana katika ofisi ya mkuu wa idara, kwenye chuo kimoja hapa Kampala. Mezani palikuwa na insha ya maneno 640 iliyoandikwa kwa Kiingereza, na juu yake karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Kila karatasi ilikuwa na jibu la kigunduzi kimoja, yaani programu inayopitia maandishi na kukisia kama yametoka kwa mtu au kwa akili mnemba za aina ya ChatGPT. Karatasi ya kwanza ilisema 84. Ya pili ilisema 31. Ya tatu iliandika kwamba mwandishi ni binadamu, na pembeni ikaweka 6.

Mhadhiri wa somo hakuwa na nia mbaya. Alianza na kigunduzi cha kwanza, akashtuka, akajaribu cha pili ili ajihakikishie. Cha pili kilipompinga, akaenda kwa cha tatu kiwe mwamuzi. Kila mara alibandika insha ileile, au ndivyo alivyodhani.

Mimi hufundisha takwimu, kwa hiyo niliitwa nisome namba. Mwanafunzi mwenyewe, dada mmoja kutoka Kivu Kaskazini anayeishi na shangazi yake Katwe, alikuwa amekaa nje kwenye benchi ameshika begi mapajani. Kabla sijafungua mdomo, mkuu wa idara alikuwa ameshapiga hesabu kwenye simu: 84 na 31 na 6 ni 121, gawa kwa tatu, arobaini na kitu. “Arobaini iko chini ya nusu,” akasema. “Tumwachie kwa onyo?”

Pendekezo hilo lilikuwa la huruma, lakini halikuwa na maana yoyote. Ukiingia soko la Owino utakuta nyanya zinauzwa kwa fungu, matooke kwa mkungu na mchele kwa kilo. Huwezi kuchukua fungu 84, mkungu 31 na kilo 6, ukajumlisha, ukagawa kwa tatu, kisha ukasema umepata bei ya chakula. Zile karatasi tatu zilikuwa na alama moja ya asilimia, lakini kila moja ilikuwa inapima kitu chake.

Nilianzia hapo.

Kigunduzi cha kwanza hakikuwa kinasema “nina uhakika wa asilimia 84”. Chenyewe huikata insha vipande vya sentensi chache, vipande vinavyopandiana ili sentensi moja isomwe zaidi ya mara moja, kila mara ikiwa na majirani tofauti. Kila kipande hupewa alama, kila sentensi hupata wastani wa vipande ilimopita, na mwishoni hesabu huwa moja: ni sehemu gani ya maandishi iko ndani ya sentensi zilizovuka kizingiti. Kwa hiyo 84 ni kiasi cha maandishi kinachoshukiwa. Turnitin, inayojulikana vyuoni kwa kukagua wizi wa maandishi na iliyoongeza kigunduzi cha akili mnemba mwezi Aprili 2023, huieleza asilimia yake kwa namna hii. Sisemi ndiyo iliyotumika siku ile. Nasema tu namba ya aina hiyo husomwa hivyo. Tena Turnitin wenyewe waliacha kuonyesha namba kamili kati ya 1 na 19, wakaweka nyota mahali pake, kwa sababu huko chini ndiko makosa ya kumshuku mtu asiye na hatia yanakozidi.

Cha pili kilikuwa kinajibu swali jingine: nikiitazama insha hii nzima kama kitu kimoja, kuna uwezekano gani kwamba ni ya mashine? Jibu lake, 31. Kizingiti chake ni 50, kwa hiyo kwa lugha yake kilikuwa kinasema “hapana, ingawa nina wasiwasi kidogo”. Cha tatu hugawa imani yake kwenye mafungu matatu: binadamu, mchanganyiko, mashine. Ile 6 ilikuwa fungu la mashine peke yake. Mhadhiri hakuona, kwa sababu yaliandikwa kwa herufi ndogo chini ya mchoro, kwamba fungu la mchanganyiko lilikuwa limepewa 27.

Ukizisoma hivyo, ugomvi unapungua. Cha pili na cha tatu vilikuwa vinakaribiana, na cha kwanza hakikuwa kinajibu swali lao. Lakini haukuisha, maana mwenye kushuku sentensi nyingi hivyo na mwenye kuona binadamu bado hawawezi kukaa chumba kimoja kwa amani.

Tofauti nyingine iko ndani zaidi, katika kile ambacho vigunduzi hivi vinakitafuta. Vingi vya mwanzo, pamoja na GPTZero iliyotolewa Januari 2023 na mwanafunzi wa chuo cha Princeton, vilianza na kipimo cha mshangao. Chukua sentensi ya barua za zamani: “Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa…” Kila msomaji wa Kiswahili anamaliza: afya. Neno hilo halikushangazi. Sasa ningeandika “u mzima wa baiskeli”, ungesimama. Modeli ya lugha hufanya mchezo huohuo kwa kila neno: inaangalia yaliyotangulia, inakisia linalofuata, kisha inaona kama ilipatia. Maandishi ambayo inayapatia mfululizo yana mshangao mdogo, na kwa kuwa mashine huandika kwa kuchagua maneno yanayotarajiwa, mshangao mdogo huchukuliwa kuwa harufu ya mashine.

Mle ofisini nilichukua kalamu nikafanya hesabu ndogo, kwa sababu mkuu wa idara ni mtu wa uchumi na hapendi kuambiwa tu. Tuseme sentensi ina maneno manne, na modeli iliyapa nafasi ya nusu, nusu, robo na robo. Unazidisha nafasi hizo, unageuza, unachukua kipeuo cha nne cha jibu:

```
(1 / (0.5 × 0.5 × 0.25 × 0.25))^(1/4) ≈ 2.8
(1 / (0.5 × 0.5 × 0.25 × 0.01))^(1/4) ≈ 6.3
```

Mstari wa pili ni sentensi ileile, ila neno la mwisho limebadilishwa likawa lile ambalo modeli ililipa nafasi moja tu katika mia. Neno moja limepandisha mshangao zaidi ya maradufu. Na jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba nafasi hizo hazikai kwenye karatasi ya mwanafunzi. Ziko kwenye modeli inayosoma. Modeli iliyolishwa magazeti ya Afrika Mashariki haishangai ikikuta “gomesi” au “matatu”. Ambayo haikulishwa inashangaa. Sentensi moja, wasomaji wawili, mishangao miwili. Ndiyo maana kuuliza “mshangao wa insha hii ni ngapi” bila kusema “kwa modeli ipi” ni kama kuuliza umbali wa kwenda Jinja bila kusema unatoka wapi.

Vigunduzi vipya havitegemei mshangao pekee. Vingine hulinganisha modeli mbili na kupima kama neno limeishangaza ya kwanza kuliko ilivyotarajiwa na ya pili. Vingine ni modeli zilizofundishwa kwa mafungu mawili makubwa, insha za watu na insha za mashine, mpaka zikajitafutia zenyewe tofauti. Hivi vya mwisho huwa na nguvu pale maandishi yanapofanana na yale vilivyofundishwa, na hubabaika yanapokuwa ya aina nyingine. Kigunduzi kilichofundishwa kwa insha za wanafunzi wa Marekani na majibu ya ChatGPT kimekutana na Kiingereza cha aina mbili. Kiingereza cha mtu aliyesoma kwa Kifaransa Butembo, akaja kuanza upya Kampala, ni cha tatu.

Basi tukaifungua insha yenyewe. Ilihusu wanawake wafanyabiashara wa sokoni na jinsi wanavyochanganya vikundi vya kuweka akiba na pesa za simu. Kigunduzi cha kwanza hupaka rangi sentensi kinazozishuku, na rangi ilikuwa imefunika utangulizi wote, hitimisho lote, na karibu aya mbili za katikati. Sentensi ya kwanza ya utangulizi, kwa Kiswahili, ni hii: pesa za simu zimekuwa na mchango mkubwa sana katika maisha ya wanawake wengi nchini Uganda. Nimesahihisha sentensi hiyo mara nyingi kabla ChatGPT haijazaliwa. Inafundishwa. Mwalimu wa sekondari humwambia mtoto aanze kwa jambo pana, aeleze umuhimu wake, kisha aseme “insha hii itajadili”. Mwanafunzi mtiifu hutoa sentensi ambazo modeli yoyote inazikisia ikiwa imefumba macho.

Aya moja haikuwa na rangi hata kidogo. Ilimweleza mama anayeuza nyanya karibu na geti la chini, ambaye hufunga simu ya kitochi ndani ya mkanda wa gomesi, na ambaye hapokei malipo kwa simu siku ya Jumatatu kwa sababu Jumatatu ni zamu ya kikundi na anataka noti mkononi. Hapo kigunduzi kilinyamaza.

Ukiziangalia rangi zile kwa utulivu, zilikuwa ramani ya sehemu zilizoandikwa kwa kanuni na sehemu zilizoandikwa kwa macho. Hiyo ni habari, wala si ya kutupwa. Lakini mtu aliyekopa utangulizi kwa mashine na mtu aliyefundishwa utangulizi na mwalimu wa Kiingereza wanaacha ramani inayofanana sana.

Nikaomba faili. Hapa ndipo nilipokuta jambo la kijinga ambalo, kwa uzoefu wangu, hueleza tofauti nyingi kuliko hesabu zote. Mhadhiri hakuwa amevipa vigunduzi kitu kimoja. Cha kwanza kilipokea faili nzima, na chenyewe huacha orodha ya marejeo na kupima nathari peke yake. Cha pili kilibandikiwa kila kitu: jina la kozi, insha, orodha ya marejeo tisa, na maneno ya wauza nyanya aliowahoji, yaliyonukuliwa kwa Kiingereza chao cha sokoni. Cha tatu kilipewa maandishi yaliyonakiliwa kutoka faili la kuchapa, mistari ikikatika katikati ya sentensi, na namba za kurasa zimejipenyeza humo. Majina ya waandishi, miaka na namba za kurasa humshangaza kila msomaji wa mashine; ukivichanganya na nathari, mshangao wa wastani unapanda na insha nzima inaonekana ya kibinadamu zaidi.

Nikasafisha: nikaondoa kichwa, marejeo na nukuu, nikaunganisha mistari, nikabaki na maneno 512 ya nathari yake mwenyewe. Nikayapitisha yaleyale, herufi kwa herufi, kwa vyote vitatu. Cha kwanza kikashuka kutoka 84 hadi 79. Cha pili kikapanda kutoka 31 hadi 58, kikavuka kizingiti chake, sasa kinasema mashine. Cha tatu kikaipandisha 6 ikawa 22, na fungu la mchanganyiko likawa ndilo kubwa. Mkuu wa idara alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwa Kiswahili cha kambini alichokipata kwa baba yake mwanajeshi: “Sasa hii mambo imeharibika zaidi.”

Kwa mwanafunzi, ndiyo. Vigunduzi vilikuwa vimesogeleana, na vimesogelea upande wa kumshuku. Mtu angeweza kusema: basi, mashahidi watatu sasa wanaafikiana. Hoja hii ndiyo inayowaponza watu makini, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walichukua insha 91 zilizoandikwa na watu kwa ajili ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita salama. Watu wengi hukumbuka hapo tu. Mimi naona namba mbili nyingine ndizo zenye somo. Insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau kigunduzi kimoja. Na insha 18 zilishukiwa na vyote saba kwa pamoja.

Kwa hiyo chuo kingesema “tutamshuku mwanafunzi kigunduzi chochote kikilia”, kingeshuku karibu kila mtu. Kingesema kwa uangalifu mkubwa “tutasubiri vyote saba vikubaliane”, bado kingewatia hatiani watu 18 walioandika kwa mkono wao. Kama vigunduzi vingekuwa mashahidi wasiojuana, saba kukosea pamoja ingekuwa ajabu. Lakini vimelelewa nyumba moja. Vingi vinaangalia kitu kilekile, msamiati mwembamba na sentensi zilizopangwa kwa kutarajiwa, kwa hiyo vinakosea pamoja kwa watu walewale. Kigunduzi cha pili kikikubaliana na cha kwanza kinaongeza kitu kidogo kuliko tunavyohisi, na cha tatu kidogo zaidi.

Ni haki kuongeza kwamba vigunduzi vya leo si vile vya mwaka 2023, na vile vilivyofundishwa kwa wingi vimekuwa bora kuliko vile vya kupima mshangao tu. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 wakikiri kwamba kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwashuku watu asilimia 9. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa udhaifu wa usahihi wake. Vinavyouzwa sasa hutangazwa kuwa bora kuliko hicho. Lakini kiwango cha makosa anachotangaza muuzaji kimepimwa kwa rundo la insha alizozichagua yeye, na rundo hilo huenda halina hata mmoja anayeandika kwa lugha ya nne.

Mkuu wa idara akauliza swali lililokuwa la msingi tangu mwanzo: namba moja, tuseme ile 84, ina uzito gani? Nikamjibu kwa hesabu ya kubuni, nikamwambia wazi kwamba ni ya kubuni.

Tuseme kuna insha 200, na 20 kati yake kweli zimeandikwa na mashine. Tuseme kigunduzi kinanasa 80 kwa kila mia. Kitanasa 16. Kwa wale 180 waaminifu, tuseme kinakosea kwa mmoja katika mia: kama wawili. Kengele zote ni 18, na 16 ni za kweli. Hapo kengele ina uzito. Ukiisikia una haki ya kuuliza maswali magumu. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Tuseme darasa hili ni la wanaoandika kwa lugha ya tatu au ya nne, na kigunduzi kinawakosea 15 katika mia. Waaminifu watakaoliliwa ni 27. Kengele zote ni 43, za kweli bado 16. Zaidi ya nusu ya watakaoitwa ofisini hawana kosa. Kigunduzi ni kilekile, namba kwenye skrini ni ileile, lakini imegeuka kutoka ushahidi mzito kuwa mwepesi kuliko kurusha sarafu, na kilichobadilika ni nani aliyekaa darasani.

Kwa namba kubwa hata kosa dogo linaonekana. Chuo cha Vanderbilt, Marekani, kilipozima kigunduzi cha Turnitin Agosti 2023, kilipiga hesabu kwamba katika kazi 75,000 zilizokuwa zimewasilishwa mwaka uliotangulia, kosa la asilimia moja lingekuwa kazi 750 zilizoshukiwa bure.

Mhadhiri, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza, akasema nawatetea wanafunzi. Sikuwa nawatetea. Katika rundo lilelile kulikuwa na insha nyingine ambayo vigunduzi vyote vitatu vilikuwa vimeipa sifuri au karibu yake. Nilikuwa nimeisoma kwenye matatu nikitoka Ntinda. Ilikuwa na marejeo matano, na mawili kati yake hayapo popote: jarida lipo, mwaka upo, lakini kurasa zile zina makala nyingine kabisa. Mtu anayepitisha maandishi ya mashine kwenye programu ya kuyavuruga hupata alama safi kwa dakika mbili. Kwa hiyo namba ya chini haimsafishi mtu. Inasema tu kwamba kigunduzi hakikuona kitu. Insha hiyo ilinaswa na mtu aliyefungua jarida.

Ndipo tukamwita yule dada. Alinisalimia shikamoo, akawapa wengine mkono, akakaa pembeni mwa kiti. Mkuu wa idara alimuuliza aliandikaje insha, si kama aliiandika. Jibu lake nalinukuu kama alivyolisema: “Mwalimu, mi naandikaka kwanza mu Kiswahili, kisha natafsiri.” Akafungua begi akatoa daftari la kaunta buku. Kurasa sita, kwa kalamu ya bluu, Kiswahili cha kwao kimechanganyika na Kifaransa, mishale ikihamisha aya, na pembeni bei za nyanya za wiki mbili.

Aya mbili za katikati, zile zilizopakwa rangi, alikuwa amezipitisha kwenye programu ya kutafsiri kwenye simu kisha akazirekebisha. Nyingine alizitafsiri mwenyewe. Baada ya hapo insha yote ilipita kwenye programu ya kusahihisha sarufi, ambayo alikubali karibu kila pendekezo lake kwa sababu, alisema, yeye ni nani wa kuikatalia.

Kwangu hilo lilifunga hesabu vizuri zaidi kuliko jibu lolote la “mashine” au “binadamu”. Tafsiri ya mashine ni maandishi ya mashine kwa maana halisi: maneno ya Kiingereza yalichaguliwa na modeli, na modeli huchagua yanayotarajiwa. Programu ya sarufi nayo hulainisha kila kinachokwaruza, na kinachokwaruza ndicho kilichokuwa kikimshangaza msomaji. Kigunduzi cha kwanza kilikuwa kimenusa kitu cha kweli. Kiliponusa hakikujua, wala hakiwezi kujua, kwamba mawazo yalikuwa kwenye daftari kabla ya simu kuwashwa. Na cha tatu, kwa lile fungu lake la “mchanganyiko” ambalo hakuna aliyelisoma, ndicho kilichokuwa kimekaribia zaidi, ingawa nisingempa mtu adhabu wala tuzo kwa ajili ya kukisia kwake.

Swali lililobaki halikuwa la kigunduzi chochote. Je, kutafsiri kwa programu ni udanganyifu? Tuliifungua kanuni ya idara. Ilikataza “kuwasilisha kazi iliyoandikwa na mtu au kitu kingine”, na haikutaja tafsiri hata mara moja. Mhadhiri aliona ni kosa, kwa kuwa kozi inapima pia uandishi wa Kiingereza. Mkuu wa idara aliona si kosa ambalo mtu angeweza kulijua. Mimi nilikuwa upande wa mkuu, lakini hoja ya mhadhiri si ya kudharau, na wangeweza kuijadili tangu saa nane badala ya kupoteza saa nzima kwa asilimia.

Tulifanya mambo mawili. Tulifungua historia ya faili kwenye mtandao, ambayo ilionyesha insha ikikua kwa siku nne, aya mbili zikiingia kwa mkupuo mmoja, kama alivyosema, na nyingine zikiingia neno kwa neno na kufutwa na kurudi. Kisha mhadhiri akamuuliza kuhusu Jumatatu ya mama wa nyanya. Akaeleza kwa dakika kumi: nani hushika sanduku, kwa nini kikundi kilikataa kuweka pesa kwenye simu baada ya mwenzao mmoja kupoteza laini, na ada za kutoa pesa zinavyoila faida ya anayeuza mafungu ya shilingi elfu moja. Mhadhiri aliacha kuandika, akawa anasikiliza.

Uamuzi ulikuwa kwamba insha isahihishwe, na zile aya mbili aziandike upya kwa Kiingereza chake ndani ya wiki moja. Karatasi tatu zilibaki kwenye faili, ila mkuu aliniomba niandike chini ya kila moja inapima nini, ilipewa maandishi gani, na tarehe. Nikauliza tarehe ya nini. Akasema andika tu.

Wiki tano baadaye, kwa udadisi wangu, nilikipa kigunduzi cha kwanza yale maneno 512 yaleyale. Kilikuwa kimesasishwa katikati ya muda huo. Kikasema 47. Nilichapa karatasi, nikaandika tarehe, nikaibana nyuma ya zile tatu.